Mafundo Saba Katika Kopo

Imetangazwa, na tangazo lenyewe limesomwa barazani kwa sauti ya kutosha na kubandikwa mlangoni pa ofisi kwa gundi ya kutosha, kwamba tukio la Jumamosi ya pili ya mwezi wa Oktoba katika kitongoji cha Mwachivumbi lilikuwa ni kutoelewana baina ya majirani kuhusu jambo la urembo. Kwamba kutoelewana huko kumemalizwa kwa amani. Kwamba pande zote mbili zimerejea katika hali ziliyokuwa nayo kabla. Na kwamba hakuna hasara ya kudumu iliyopatikana. Chini yake pana mhuri. Mhuri uligongwa mara mbili kwa sababu wa kwanza ulitoka hafifu.

Upande mmoja wa kutoelewana huko ulikuwa watu sitini hivi, wenye mawe, mapanga na chupa mbili za petroli. Upande wa pili alikuwa Bi Mwanarusi, msusi, mwanamke wa miaka hamsini na minane, naye alikuwa na chanuo.

Tangu ujana wake Mwanarusi alikuwa akisuka vichwa barazani pake, nyuma ya barabara kuu iendayo Msambweni, mahali ambapo sauti za malori husikika lakini vumbi lake halifiki. Mumewe alikufa kwa ugonjwa wa sukari zamani, mwanawe alikuwa akifanya kazi Mombasa, na mkaza mwanawe, Hafsa, aliishi nyumba ya pili akimpikia na kumwita mama. Alisuka twende kilioni kwa wenye haraka, mistari ya kuzungukia kwa maharusi, na kwa wasichana wa hoteli alisuka chochote walichomwonyesha kwenye simu, baada ya kukitazama kwa muda na kusema kwamba mamake alikisuka kabla simu hazijazaliwa. Mkono wake wa kulia ulijulikana. Wanawake walisema vidole vyake vinapita kichwani kama mtu anayehesabu tasbihi, na kwamba ukilala mapajani pake unaamka umeshasukwa.

Alikuwa na sharti moja, alilorithi kwa mamake pamoja na chanuo. Nywele zilizotoka kichwani mwa mtu hazitupwi ovyo. Kila mtu pwani anajua adui anaweza kufanya nini na unywele wako. Kwa hiyo alipomaliza kazi Mwanarusi alikusanya nywele zilizobaki kwenye chanuo na sakafuni, akazizungusha kidoleni, akazifunga fundo kwa uzi, akampa mwenyewe aende akazizike au azitumbukize chooni. Aliyesahau nywele zake aliwekewa. Zilikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko, juu ya kabati, kila fundo na uzi wa rangi yake ili lisichanganyike na la mwingine. Utaratibu mzima ulikusudiwa kuhakikisha kwamba hakuna mtu atakayemshuku msusi. Ulifanya kazi hiyo vizuri kwa miaka arobaini.

Mwezi wa Julai, pepo za kusi zikivuma na asubuhi zikiwa za baridi, homa iliingia Mwachivumbi. Ilianzia kwenye hitima moja ambako watu walikaa bega kwa bega, wakala sinia moja, wakakoholeana usoni kwa upendo. Baada ya siku tatu kitongoji kizima kilikuwa chini. Haikuwa mafua ya kupenga kamasi na kwenda kazini. Ilimpiga mtu mgongoni kama mpini wa jembe, ikamvunja magoti, ikamtetemesha meno, ikamwasha mwili mpaka leso iliyolowekwa maji ikakauka pajini kabla haijageuzwa. Mzee mmoja alikufa. Warda, msichana wa miaka ishirini na mitatu aliyekuwa ameposwa na kijana wa Mkwiro, alilala siku nne akipayuka na kumtukana mchumba wake kwa maneno ambayo mamake hakujua anayajua. Kakake, Swabir, anayetembeza wageni ufukweni Diani, aliugua chumba cha pili akigonga kichwa ukutani. Mwanarusi naye aliugua, akapelekwa zahanati akarudishwa. Hafsa alimnywesha uji kwa kijiko na kumsomea Yasin, kwa kuwa hakujua lipi litahitajika kwanza.

Waliofika zahanati walitobolewa kidole, wakaambiwa si malaria, wakapimwa joto. Muuguzi Eunice Garama, aliyetoka bara ya Kinango na kuzoea kuonwa mkali, aliandika majina yote daftarini: thelathini na tisa na nusu, arobaini, arobaini na pointi mbili. Mafua makali, aliandika. Aliwapa dawa ya kushusha joto, akawaagiza wanywe maji na walale. Walipona. Mwezi wa Agosti walikuja kwa Mwanarusi kusukwa, kwa sababu mtu aliyenusurika hupenda kupendeza.

Mwisho wa Septemba walirudi kufumuliwa.

Warda alikuwa wa kwanza. Harusi yake ilipangwa Novemba, na somo wake, yaani kungwi, alikuwa amesema kichwa kipumzike kabla ya kusukwa upya. Mwanarusi alifumua mstari wa kwanza, na nywele zikaja mkononi. Alifumua wa pili, zikaja tena. Kwa kawaida nywele zilizojitokea kwa wiki sita hubaki ndani ya msuko na kutoka pamoja siku ya kufumua. Hilo kila msusi analijua na humwambia mteja asitishike. Lakini hizi hazikuwa za wiki sita. Alipitisha chanuo na chanuo likajaa mpaka meno hayakuonekana. Alilisafisha, akapitisha tena, likajaa tena. Warda alipeleka mkono kisogoni, akautoa, akautazama. Ulikuwa umevaa nywele kama glavu. Akainuka bila ushungi wake na kukimbia kwao akilia. Nywele zake akaziacha.

Mwanarusi alizikusanya. Fundo lake lilikuwa kubwa kama limau. Kabla hajalifunga kwa uzi mwekundu alifanya jambo la kazi yake: alichomoa unywele mmoja, akauinua kwenye mwanga. Alizijua nywele zinazouawa na msusi mbaya. Hizo hutoka pembezoni, kwenye paji na juu ya masikio, pale msuko unapokazwa kupita kiasi, na nyingine hukatika katikati. Hizi zilitoka utosini, kisogoni, kila mahali sawasawa, nzima nzima toka ncha hadi shina, na kwenye shina kila mmoja ulikuwa na kichwa cheupe kidogo, mfano wa yai la chawa. Hazikukatika. Ni kama ziliaga.

Hakuielewa maana yake. Alichojua ni kwamba wiki hiyo hiyo aliona jambo lile lile kwenye chanuo lake mwenyewe. Za kwake alizifunga kwa uzi mweusi na kuzitia koponi, na tangu siku hiyo hakuvua ushungi hata mbele ya Hafsa. Msusi mwenye kipara ni kama daktari wa meno asiye na meno. Watu hawangojei maelezo.

Kufikia wiki ya kwanza ya Oktoba walikuwa wanawake sita. Wote waliondoka mbio, na wote waliacha mafundo yao. Kopo likajaa.

Ndipo aliposhauriwa Dzombo. Dzombo alikuwa mganga aliyepanga chumba karibu na stendi, mwenye ubao uliosema anatibu mapenzi, kesi na nguvu za kiume. Alitikisa kibuyu chake mbele ya mamake Warda na akaona mengi. Aliona nywele zimefungwa. Aliona zimefungiwa ndani ya bati. Aliona aliyezifunga ni mwanamke anayegusa vichwa vya watu. Katika kitongoji chenye msusi mmoja, uaguzi huu ulimwokolea kila mtu muda wa kufikiri.

Walikuja Jumamosi saa nne asubuhi, saa ya watu wenye nia njema. Mwanarusi alikuwa barazani akisafisha chanuo kwa kijiti. Aliwasikia kabla hajawaona, akadhani ni maziko. Mbele alikuwa Swabir. Alikuwa na panga, na kichwani alivaa kofia ya sufu ya kufumwa, kubwa ya kusitiri rasta zake, aliyokuwa akiivaa tangu mwezi uliopita, jua likiwaka lisiwake. Rasta hizo zilimfika kiunoni. Wageni walizipiga picha. Nyuma yake walikuwa vijana wa bodaboda, akina mama ambao Mwanarusi aliwasuka tangu wakiwa na meno ya maziwa, na Dzombo mwenyewe, aliyesimama mbali kidogo, kwa heshima ya mawe.

Mwanarusi aliwakaribisha. Ndiyo adabu aliyolelewa nayo, na ulimi ulitangulia akili.

“Hatukuja kukaa,” Swabir alisema. “Kopo liko wapi?”

“Kopo gani, mwanangu?”

“Usiniite mwanangu. Mimi si mwana wa mtsai.”

Neno hilo kwa Kidigo ni mchawi, na likishatamkwa mbele ya watu halirudishwi mfukoni. Jiwe la kwanza lilivunja mtungi. La pili lilimpata begani. Watatu waliingia ndani na zikasikika sahani, kisha kabati, kisha kimya, na baadaye mmoja wao akatoka na kopo juu ya mikono miwili, kama mtu aliyebeba maiti ya mtoto. Alilifungua. Mafundo saba yalianguka mkekani: jekundu, kijani, manjano, buluu, jeupe, zambarau, jeusi.

Umma ulivuta pumzi. Ilikuwa ni bati kweli. Zilikuwa zimefungwa kweli. Mganga hakukosea hata rangi, kwa kuwa hakutaja rangi.

Mwanarusi alijaribu kuwaambia kwamba mafundo hayo ni yao wenyewe, na kwamba kila mwenye lake aliliacha kwa miguu yake. Hakusikika. Mwanamke mmoja, ambaye harusi yake, na ya binti yake, zote zilipita mikononi mwa Mwanarusi, alimshika ushungi kwa nyuma akauvuta. Ukatoka. Kichwa kikaonekana: nywele chache za kijivu, ngozi ikimeta katikati yake kama sakafu inayoonekana chini ya mkeka uliochakaa. Kelele ikazidi. Hakuna aliyejiuliza ni mchawi wa aina gani anayeanza na kichwa chake.

Walimwangusha. Walimpiga kwa mateke, kwa fimbo, kwa mwiko wake mwenyewe. Jiko la makuti nyuma ya nyumba lilimiminiwa petroli na likawaka kwa sauti ya kitambaa kinachopasuliwa. Mwanarusi alikuwa kifudifudi, mchanga mdomoni, akihesabu mapigo kama alivyohesabu mistari, maana kuhesabu ndiyo njia aliyoijua ya kutulia. Alipofika kumi na tisa mtu alimgeuza chali. Aliona jua, kisha panga mbele ya jua, naye akafanya ambalo mtu yeyote angelifanya: akainua mkono kukinga kichwa. Mkono wa kulia.

Panga halikufika kichwani.

Kidole cha shahada kilianguka mchangani. Cha kati kilibaki kikining’inia kwa ngozi. Kuku alikuja kukitazama kilichoanguka, akaghairi. Na Swabir, kwa nguvu ya lile pigo, aliyumba mbele na kofia yake ikateleza hadi nyusi. Akairudisha upesi sana, kwa mkono wa kushoto, kwa hofu isiyofaa mtu mwenye panga. Lakini Mwanarusi alikuwa chini yake, macho wazi, na alikuwa ameshaona. Miaka arobaini ya kutazama mashina ya nywele haiachi kutazama kwa sababu ya damu kidogo.

Damu ndiyo iliyowasimamisha, kwa muda. Watu wengi waliokuja kuua hawakuwa wamejiandaa kuona kidole. Katika muda huo Hafsa alipenya akipiga ukunga, akajilaza juu ya mkwewe, na mzee Mwero, mzee wa mtaa, akafika na tuktuk ya mwanawe akiwaambia kwa sauti ya kuchoka kwamba kama ni kuua basi waue baada ya yeye kuandika majina, na alikuwa ameshatoa kalamu. Kalamu ikafanya ambalo damu haikumaliza. Walimpakia. Hafsa aliokota kidole, akakifunga kwenye ncha ya leso. Mwero alizoa mafundo yote akayarudisha koponi, kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa vielelezo. Na umati, ulipoona windo linaondoka, ulipanda bodaboda ukafuata.

Zahanati ina lango la mabati, mlango mmoja wa mbele na muuguzi mmoja wa zamu. Eunice alimlaza Mwanarusi mezani, akaubana mkono, akaukazia kitambaa mpaka damu ikapungua, akampigia simu dereva wa ambulansi, aliyejibu kwamba yuko njiani, yaani hajawasha gari. Nje, watu walikuwa wakigonga mabati kwa mapanga. Sauti ilisema atolewe. Nyingine ilisema hata zahanati huungua.

“Wanataka nini?” Eunice aliuliza, akiendelea kufunga.

Hafsa alimweleza. Mwero aliweka kopo mezani, kando ya mkono. Eunice alinawa, akachukua fundo jekundu, akavuta unywele mmoja, akautazama kwenye taa. Akachukua wa kijani. Akachukua mweusi.

“Hili la nani?”

“Langu,” Mwanarusi alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu barazani.

Eunice hakusema pole. Alikwenda rafuni akateremsha daftari la Julai, akawa anapitisha kidole huku akimuuliza mgonjwa kila rangi ni ya nani. Jekundu, Warda: arobaini na pointi mbili. Kijani: thelathini na tisa na nusu. Saba kwa saba walikuwemo. Kisha akageuza ukurasa, akasimama kwenye jina moja, na kuuliza kama huyu Swabir ndiye yule anayetaka kuvunja lango lake.

“Ndiye,” Mwanarusi alisema. “Daktari, mvueni kofia. Zile rasta zimebaki uzi kwenye mashina. Na mimi kichwa chake sijakigusa hata siku moja. Anasokotwa na mwanamume huko Diani.”

Eunice alitazama mlango, akamtazama mgonjwa. Alikuwa na haki ya kubaki ndani. Alichukua kopo na daftari, akatoka.

Waliomwona siku hiyo wanasema hakupaza sauti, na kwa hiyo ikabidi wanyamaze ili wamsikie. Alisimama ngazini na kanzu yake ya kazi yenye damu hadi viwikoni. Alimwita Swabir kwa jina. Alimwambia: wewe ulipimwa hapa Julai, joto arobaini, njoo. Swabir alikuja kwa sababu watu sitini walikuwa wakimtazama. Panga lilikuwa bado mkononi, na Eunice alilitazama mara moja tu, kama mtu anayetazama kiatu chenye matope. Kisha akanyoosha mkono akaitoa kofia.

Rasta zilimwagika. Kutoka mbali zilikuwa zile zile za kupigwa picha. Kutoka karibu, kila moja ilikuwa nene chini na nyembamba juu, imeshikilia ngozi kwa nyuzi chache. Eunice alishika moja, nyembamba kuliko zote, akavuta taratibu, kama mtu anayemvuta mtoto shati amsikilize. Ikamfuata mkononi.

Hakuna aliyecheka. Swabir aliitazama rasta yake ikining’inia, na uso wake ulikuwa uso wa kijana ambaye kwa wiki tatu alikuwa akiokota nywele kwenye mto wake wa kulalia kila asubuhi na kuzificha, akiamini amerogwa, na asiyeweza kumwambia mtu kwa sababu mwanamume halilii nywele.

“Huyu naye amesukwa na Bi Mwanarusi?” Eunice aliuliza.

Swabir akatikisa kichwa.

“Basi nisikilizeni, na nitasema mara moja, kwa sababu nina mgonjwa ndani mliyemkata. Wangapi hapa wamefanya kazi hotelini?”

Mikono mingi iliinuka, mingine ikiwa na mapanga.

“Msimu ukiharibika meneja hufanya nini? Huwaondoa wengi kwa siku moja. Lakini hamtoki getini siku hiyo. Mnapewa notisi. Mnakaa miezi miwili, mitatu, mmevaa sare, mtu akipita anaona hoteli imejaa. Halafu notisi inaisha, mnatoka wote pamoja, na Ukunda nzima inauliza leo kumetokea nini. Leo hakikutokea kitu. Kilitokea siku ile ya barua.”

Ndivyo nywele zilivyo, akawaambia. Kila unywele una zamu yake: hukua miaka kadhaa, kisha hupumzika miezi mitatu hivi, kisha huanguka, mwingine ukiota mahali pake. Siku za kawaida, nywele zinazopumzika ni chache, moja katika kumi au pungufu, na zinaanguka mojamoja bila mtu kujali. Homa kali ikishika, mwili una vita ya kupigana na hauna nguvu za kulisha urembo. Huzipa notisi nywele nyingi kwa mpigo. Homa inapona, mtu anasahau, anasuka, anapanga harusi. Baada ya miezi miwili au mitatu notisi inaisha. Aliinua unywele wa fundo jekundu: angalieni, mzima, na kichwa cheupe mwishoni. Huu ni unywele uliomaliza mapumziko yake. Aliyeupa barua ni Julai.

“Na nafasi zao?” aliuliza kijana mmoja wa bodaboda, kwa sauti ya mtu ambaye yake haikurudishwa.

“Nafasi hazikuvunjwa. Shina liko hai chini ya ngozi. Kwa kawaida huanza kuota zenyewe, bila dawa na bila kibuyu. Kuanguka kutaendelea miezi mitatu, pengine sita, kisha kutakoma. Zitaota kidogo kidogo, kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo msinijie wiki ijayo. Mwenye mapengo ya mviringo, au ngozi inayowasha na kuacha makovu, au zinazoendelea kuanguka baada ya nusu mwaka, huyo aje tumpime damu. Hilo ni jambo jingine.”

Halafu akamshika Swabir kidevu akamwinamisha, akawaonyesha wa mbele ukingo wa paji la uso: vinywele vifupi vyeusi, vimesimama wima, vyote vya urefu mmoja. Vilikuwa vimeshaanza kuota wakati mwenyewe akinoa panga.

Maelezo yaliwaingia, hilo lazima lisemwe kwa heshima ya watu wa Mwachivumbi. Hata hivyo walikuwa wametoka nyumbani na silaha, wamechoma mafuta ya pikipiki, na ilikuwa bado mapema. Mtu aliuliza Dzombo yuko wapi. Dzombo alikuwa ameshafika karibu na barabara. Walimkamata kwenye kituo cha tuktuk, wakampiga kwa ubao wake mwenyewe mpaka neno “kesi” likavunjika katikati, na alilazwa wiki tatu, mbavu nne zimevunjika. Kitaalamu, hakuna aliyemtuhumu kwa lolote aliloweza kukanusha.

Mwanarusi alisikia kelele zikihama kutoka langoni kwenda barabarani. Hafsa alimwambia wamemwacha, sasa ni zamu ya mganga. Alifunga macho. Aliuliza kama Warda yuko nje. Hafsa akasema yupo, amekaa chini ukutani. “Mwambie asizichane sana,” Mwanarusi alisema. Kisha ambulansi ikafika.

Hospitali kubwa iliona kidole kilichokuja kwenye leso na kusema kimechelewa, na hicho cha pili nacho hakina njia. Viliondoka viwili. Viwili vilivyobaki upande huo vilishonwa mishipa, vikapona vikiwa vigumu, havikunjiki.

Baraza likaitishwa. Swabir aliomba radhi mbele ya wazee, kichwa kimenyolewa, na alilia kweli, alileta mbuzi. Mzee Mwero alisoma majina aliyoandika, na kila jina lilisimama likasema lilikuwa nyuma na halikuona vizuri. Mwanarusi aliulizwa kama amesamehe. Aliulizwa akiwa amezungukwa na jamaa za watu ishirini, katika kitongoji ambamo angeendelea kuchota maji, na akasema amesamehe. Mashtaka hayakuendelea. Tangazo likaandikwa.

Na lazima ikubalike kwamba mengi yake ni kweli. Kufikia Februari nywele zilikoma kuanguka. Warda aliahirisha harusi hadi baada ya Ramadhani, na Aprili alikuja barazani pale pale, akasimama kwanza mlangoni.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Kaa.”

Alikaa mkekani, akaegemeza kichwa mapajani kama zamani. Mwanarusi alipitisha mkono wa kushoto polepole. Chini ya nywele ndefu zilizobaki zilikuwa nyingine, fupi, laini, nyingi, zimejaa kila mahali, sawasawa. Alizipima kwa kidole gumba: sentimita sita, labda saba. Yule muuguzi alihesabu vizuri. Za kwake mwenyewe zilikuwa hivyo hivyo, isipokuwa nyeupe.

Warda aliuliza, bila kuinua kichwa, kama atamsuka siku ya harusi. Mwanarusi alisema Hafsa ndiye atakayemsuka, na yeye atakaa kando kumwambia wapi akaze na wapi alegeze. Harusi ilipokaribia Hafsa alisuka siku tatu. Haikuwa mbaya. Nywele zilizotoka kwenye chanuo zilikuwa chache, za kawaida, na Hafsa alizizungusha kidoleni na kuzifunga, na Warda alizichukua.

Tangazo bado liko mlangoni pa ofisi, limepauka kidogo upande wa jua. Mwezi uliopita Mwanarusi alipita hapo akitoka dukani, akasimama, akalisoma lote mpaka kwenye mihuri. Alipomaliza leso ilikuwa imemlegea kiunoni. Alingoja hadi akapita mwanamke anayemfahamu, akamwomba amfungie.